Jina la Fundi Kwenye Bango

Vijana wanaoanza kuchora mabango hapa Masasi huniuliza kama waandike jina na namba ya simu chini ya kazi zao. Huwajibu kwamba waandike, ila si siku ya kukabidhi.

Wiki chache kabla ya minada ya korosho, mama mwenye duka la pembejeo karibu na stendi aliniletea bati jipya linalong'aa, akataka bango ndani ya siku mbili. Fundi aliyenifundisha hakusaini kazi hata moja, kwa kuwa aliona bango ni mali ya mwenye duka. Mimi nilikuwa natafuta wateja. Nilipomaliza maandishi mekundu juu ya rangi nyeupe, nikaweka jina langu na namba kwenye kona ya chini, mahali ambapo awali palikuwa na mhuri wa kiwanda. Mhuri huo nilikuwa nimeukwangua kwa msasa mpaka bati likapoteza mng'ao. Kwingine kote nilipitisha kitambaa kikavu tu.

Mvua zilipokolea, rangi ilivimba, kisha ikabanduka vipande vipana kama gome la mti. Kipande nilichokiokota kilikuwa na ungaunga mweupe upande wa ndani. Bango zima likabaki bati tupu, isipokuwa ile kona.

"Fundi," mama aliniambia, "watu wananiuliza kama duka siku hizi ni lako."

Kosa halikuwa la mvua. Bati jipya lina zinki juu yake, na rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja, mafuta yake hushambuliana na zinki, hasa penye unyevu, yakatengeneza utando kama wa sabuni ambao rangi haiwezi kuushikilia. Ndiyo maana bango hupendeza siku ya kwanza na hukuumbua baadaye. Bango la pili, ambalo nililirudia kwa gharama yangu, nililiosha kwa sabuni ya unga, nikalisugua lote kwa msasa, nikapaka praima maalumu ya mabati ya zinki na kuiacha ikauke kabisa kabla ya rangi. Mteja mwenye haraka atalalamika hapo, mwache alalamike.

Safari hii sikusaini. Msimu wa mvua ulipopita nilirudi na ngazi, nikachanja alama ndogo ya msalaba pembezoni kwa wembe, nikabandika selotepu juu yake, nikaivuta kwa nguvu. Ikitoka na rangi, kazi haijashika. Ilitoka safi, nami nikaziba mchanjo kwa rangi ili kutu isipate mlango.

Nikamwomba mama ruhusa ya kuweka jina. Aliitazama kona kwa muda, akanionyesha kidole gumba chake.

"Lisizidi hapa," akasema.