Traka ya 2G: laini ipi uweke na APN uiandikeje

"Wakuu nimefunga traka ya GT06 kwenye gari, ni ya 2G tu. Nikiitumia meseji inajibu fresh ila kwenye ramani haionekani hewani kabisa. Tatizo laini au hiyo APN? Na laini gani inafaa?"

Mkuu kama inajibu meseji ujue laini imesoma, haina pini, na mnara wa 2G unashika hapo ulipo. Sasa kilichobaki ni data tu, na hapo ndo wengi wanapohangaika, maana laini inaweza kupokea meseji vizuri kabisa kwa 2G halafu data ikagoma.

Usiguse APN kwanza. Toa hiyo laini, iweke kwenye simu, zima waifai, halafu ilazimishe simu ikae 2G tu. Android nyingi ukipiga `*#*#4636#*#*` unapata menyu ya kuchagua "GSM only", nyingine unaipata kwenye mipangilio ya mtandao wa simu. Ila angalia, simu mpya zina kitufe cha kuruhusu 2G, kama kimezimwa simu haitashika kitu na wewe utaanza kuitukana laini bure. Ukiona juu imekaa E au G fungua ukurasa mwepesi. Itasuasua, we subiri. Ukifunguka laini yako haina tatizo. Usipofunguka, wakati kwenye 4G ilikuwa inapaa, hiyo laini au hilo bando halifai kwa traka hata uandike APN mpaka usiku. Na ukiweza fanya hilo jaribio pale gari linapolala, sio sebuleni.

Sababu ya kugoma mara nyingi ni bando. Kuna mabando ya bei chee ambayo yanafanya kazi kwenye 4G tu, ukishuka 2G hayahesabiki, na kama hakuna salio la kawaida data inakatwa. Nyingine ni laini za data tupu zile za kwenye ruta, hizo hata meseji zako huenda zisipokee, sasa utaipaje traka amri? Halafu kuna makampuni ambayo 2G hawana kabisa, ama waliizima ama walianza moja kwa moja na 4G. Marekani AT&T walizima yao Januari 2017, Singapore nao mwaka huohuo. Sehemu nyingine wanaanza kuzima 3G wanaiacha 2G kwa sababu ya vifaa kama hivi vyetu, kwa hiyo usiridhike na kusikia "mtandao wa zamani unazimwa", uliza ni upi na lini. Mimi ningechagua kampuni yenye 2G inayofika mpaka vijijini kuliko yenye kasi, traka haina habari na kasi.

Maana data inayokula ni kiduchu sana. Ikituma mahali ilipo kila sekunde 30, gari likitembea saa 8 kwa siku, hizo ni taarifa 960 za data kwenda kwenye seva. Kila moja pamoja na vikorombwezo vyake vya njiani na jibu la kupokelewa weka kama baiti 120 hivi, unapata kama KB 115 kwa siku, mwezi haufiki MB 4. Sasa tatizo ni kwamba baadhi ya mitandao inakadiria data uliyotumia kwenda juu kila muunganiko unapokatika na kurudi, na kwenye 2G dhaifu unakatika sana, kwa hiyo chukua bando la MB 30 au 50 la muda mrefu. La siku moja lenye GB kibao halikusaidii kitu, kesho yake traka imezimika kwenye ramani na gari liko safarini.

Haya, simu imefunguka kwa 2G? Usiitoe laini bado, maana APN unayoitafuta iko humohumo. Ingia kwenye orodha ya APN za simu, fungua ile iliyowekewa alama ya kuchaguliwa. Mstari wa juu ni Jina, hilo ni pambo tu, achana nalo, wewe unataka ulioandikwa APN. Angalia pia jina la mtumiaji na paswedi, zikiwa tupu ziache tupu hata kwenye traka. Usichukue ile ya MMS. Na pale kwenye itifaki ya APN weka IPv4 peke yake ujaribu tena, maana hizi traka za zamani zinajua IPv4 tu, ikigoma hapo hata kwenye traka itagoma.

Kwa GT06 amri ziko hivi, ya pili ni kama kuna jina na paswedi:

```
APN,internet#
APN,internet,jina,paswedi#
GPRSSET#
STATUS#
```

"internet" hapo ni mfano, weka ya kwako. Kuna jamaa aliniletea pikapu yenye shida kama yako, kila kitu kashaangalia, laini kwenye simu inafungua kwa 2G vizuri. Nikatuma `STATUS#` ikajibu mawimbi yana nguvu ila GPRS inasema Link Down. Nikatuma `GPRSSET#` irudishe ilichohifadhi, nikaona mbele ya APN kuna nafasi. Kumbe kibodi ya simu yake kila akiandika mkato inaongeza nafasi yenyewe, kwa hiyo alikuwa anatuma `APN, internet#`. Nikaandika upya bila nafasi, nikaiwasha upya kwa `RESET#`, baada ya muda mfupi ikaja Link Up. Kwa hiyo usiamini ulichotuma, amini kile traka inachokurudishia. Paswedi ndo mbaya zaidi, kibodi ikigeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa inakataliwa na hakuna kitakachokuambia kwa nini.

Ikisema Link Up na bado ramani haioni, achana na laini na APN kabisa, hapo ni seva, porti au IMEI uliyosajili kule kwenye mfumo. Seva yenye jina inaanza na 1, yenye namba za IP inaanza na 0:

```
SERVER,1,jina.la.seva,porti,0#
SERVER,0,namba.ya.ip,porti,0#
```

Kama traka ni ya aina ya Coban amri ni tofauti, huko ni `apn123456 internet`, na hapo nafasi inatakiwa, 123456 ni paswedi ya kiwandani.

Ukiamua kuweka zile laini za kuroam za vifaa, kuna mtego. APN yake ni ya kampuni iliyokuuzia, sio ya mtandao unaoushika hapo, na nyingi hazipokei meseji kutoka namba ya kawaida. Dawa yake ni kuanza na laini ya kawaida, unatuma APN ya ile laini nyingine, inahifadhiwa kwenye traka, ndo unabadilisha laini. Na ruhusu kuroam kwenye akaunti yako kabla hujafunga dashibodi ya gari.

Jambo la mwisho, traka inakaa miezi bila kupiga simu wala kuongezwa vocha, na kuna kampuni zinafunga laini ya hivo. Waulize muda wao ni upi, weka salio kabla haujafika. Ukishajaribu bandika hapa majibu ya `GPRSSET#` na `STATUS#`, ila futa IMEI kwanza.