Maswali na majibu: Huyu anayeitwa "Jina" katikati ya orodha ni nani?

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: mstari wa vichwa umehama juu na kuzama kwenye data. Zile zilizosema tu "faili langu limevurugika, nisaidie" bila hata kutaja programu nimeziweka kando. Dawa ya Excel si dawa ya Google Sheets, na nimeshalisema hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Nimepanga majina A hadi Z kwenye Excel, sasa neno "Jina" liko mstari wa 19, kati ya Jamila na Joseph. Kwa nini?

Kwa sababu Excel imemwona Jina kuwa mtu kama wengine, na kialfabeti hapo ndipo anapokaa.

Kitufe cha A-Z hakiulizi, kinakisia. Kinautazama mstari wa kwanza na kuulinganisha na ile ya chini yake. Juu kukiwa na maneno na chini tarakimu, au mwandiko wa juu ukiwa umekolezwa na wa chini haukukolezwa, Excel huhisi kuna kichwa na kukiacha mahali pake. Orodha yako, kwa maelezo yako mwenyewe, ni jina, idara na kituo: maneno matupu, mwandiko mmoja toka juu hadi chini. Mtu asiyejua Kiswahili ukimpa orodha hiyo naye angekosea.

Kama hujafunga faili, bonyeza Ctrl+Z hadi mpangilio wa zamani urudi. Kisha achana na kitufe cha haraka. Weka kishale ndani ya orodha, nenda Data, halafu Sort, na kwenye dirisha litakalofunguka tia tiki kwenye My data has headers, juu upande wa kulia. Kabla ya kubonyeza OK, fungua orodha ndogo ya Sort by. Ukiona Jina, Idara na Kituo, mmeelewana. Ukiona Column A na Column B, Excel bado inakihesabu kichwa chako kuwa data.

Tiki hiyo ni ya upangaji wa mara moja. Ukitaka jambo likae, igeuze orodha kuwa jedwali: kishale ndani ya orodha, Ctrl+T, tiki kwenye My table has headers, OK. Kuanzia hapo mstari wa vichwa una hadhi yake, na hakuna upangaji utakaougusa. Ushahidi utauona ukishuka chini ya orodha ndefu: kishale kikiwa ndani ya jedwali, herufi A, B, C za juu ya safu hubadilika na kuwa majina ya vichwa vyako.

Nilifanya Ctrl+T kama unavyohubiri, nikapata mstari mpya wa Column1, Column2, Column3 juu ya vichwa vyangu. Nini hiki?

Ni tiki uliyoiruka. Umeiambia Excel kwamba jedwali halina vichwa, ikakutungia vyake na kuvishusha vyako kwenye data. Ctrl+Z, rudia, na safari hii soma kidirisha kabla ya kubonyeza OK.

Mimi nimekoleza vichwa, nimevitia rangi ya bluu na kuvigandisha kwa Freeze Top Row. Bado nilipopanga vilishuka. Excel ina kasoro?

Haina. Umefanya mapambo matatu na hukutia alama hata moja. Rangi na kukoleza humsaidia msomaji, na wakati mwingine huisaidia Excel kukisia, lakini kukisia hakujawa kuambiwa. Freeze Top Row huzuia mstari usipotee machoni unaposhuka chini. Ni mambo ya kutazama tu. Hata Print Titles, ambayo kuna mtu atakuja kuniuliza wiki ijayo, inahusu kurudia vichwa kwenye kila karatasi unapochapisha, na haina uhusiano na kupanga.

Kama hutaki jedwali, walau weka kichujio kwa Ctrl+Shift+L. Vishale vitatokea kwenye mstari wa kwanza wa orodha, na ukipanga kwa kutumia vishale hivyo mstari huo haujongei. Ila angalia vimetua wapi. Kama juu kabisa umeandika "Orodha ya washiriki" na vichwa halisi viko mstari wa pili, vishale vitakaa kwenye "Orodha ya washiriki" na vichwa vitahesabiwa kuwa data. Acha mstari mmoja mtupu kati ya jina la orodha na vichwa. Excel huhesabu mstari mtupu kuwa mpaka.

Na Google Sheets je? Nilibonyeza Sort sheet A to Z, kichwa kikaenda. Jumla nayo imepungua lakini idadi ya watu iko sawa. Sielewi.

Hili ndilo swali lililonifanya niandike leo, kwa hiyo nivumilie.

Google Sheets hainayo ile bahati nasibu ya Excel. Sort sheet hupanga kila mstari wa karatasi isipokuwa iliyogandishwa. Basi kule kugandisha, ambako kwenye Excel ni macho tu, huku ndiko kutia alama kwenyewe: View, Freeze, 1 row. Ukitaka kupanga kipande tu cha karatasi, kichague, nenda Data, Sort range, kisha Advanced range sorting options, utie tiki kwenye Data has header row.

Sasa jumla yako. Umeniambia una watu 40, vichwa mstari wa 1, watu mstari wa 2 hadi 41, na saa za kazi ziko safu ya D. Kwenye karatasi nyingine una fomula hizi:

```
=SUM(Orodha!D2:D41)
=COUNTA(Orodha!A2:A41)
```

Kabla ya kupanga ulipata saa 1,560 na watu 40. Baada ya kupanga, saa 1,522 na watu 40. Tofauti ni 38. Tazama sasa nani yuko mstari wa 1. Ni Amina, na saa zake ni 38.

Kilichotokea ni kwamba kichwa kiliposhuka, mtu mmoja alipanda kushika nafasi yake. Fomula haikuhama, bado inasoma kuanzia mstari wa 2. Kwa hiyo Amina yuko nje ya hesabu na kichwa kimeingia ndani. SUM ikikutana na neno "Saa" hulipita kimya kimya, haitoi hata kosa. COUNTA huhesabu chochote kilichoandikwa, kwa hiyo ilimhesabu "Jina" badala ya Amina, na 40 ikabaki 40. Fomula mbili, moja imekosea na nyingine imeifichia siri.

Ongeza ya tatu:

```
=COUNT(Orodha!D2:D41)
```

COUNT huhesabu tarakimu tu. Kama kila mtu ana saa zake, lazima ilingane na COUNTA. Hapo kwako ingesema 39, nawe ungejua papo hapo kwamba neno limeingia mahali pa tarakimu. Fomula hizi zinafanya kazi hivyo hivyo kwenye Excel.

Nami si mtakatifu. Niliwahi kupeleka orodha ya washiriki wa mkutano kwa mchapishaji bila kuikagua, na asubuhi ya mkutano kulikuwa na kitambulisho cha kuvaa shingoni kilichoandikwa "Jina, Idara". Kilikaa mezani siku nzima, hakuna aliyejitokeza kukidai.

Nikipanga tarakimu kutoka kubwa hadi ndogo kichwa kinabaki juu. Nikigeuza, kinaenda mwisho kabisa. Si afadhali nitumie kubwa hadi ndogo tu?

Hapana! Katika kupanda, tarakimu hutangulia na maneno hufuata. Katika kushuka ni kinyume. Kichwa chako ndilo neno pekee kwenye safu ya tarakimu, kwa hiyo ukishuka kinaangukia juu kwa nasibu. Siku mtu akiandika "hayupo" mahali pa tarakimu, neno hilo litapanda kule juu na kugombania nafasi na kichwa.

Vichwa vyangu ni miaka: 2021, 2022, 2023. Kila nikipanga vinachanganyika.

Hicho ndicho kichwa kibaya kuliko vyote, kwa sababu ni tarakimu juu ya tarakimu. Na kikishuka, SUM haikipiti. Inakijumlisha. Utapata jumla iliyoingiliwa na 2,023 na utahangaika siku nzima kuitafuta. Andika "Mwaka 2023", au tanguliza alama ya kudondoa, '2023, ili ihesabiwe kuwa maandishi. Ctrl+T nayo hugeuza vichwa vya tarakimu kuwa maandishi.

Vichwa vyangu vina mistari miwili, wa juu una seli zilizounganishwa.

Kwa hiyo una tabu mbili ulizojitengenezea. Tiki ya My data has headers huuacha mstari mmoja tu. Wa pili utapangwa pamoja na watu. Jedwali nalo halikubali seli zilizounganishwa. Uweke mstari wa juu kama pambo, mstari mtupu chini yake, kisha vichwa halisi kwenye mstari mmoja, kila safu na jina lake lisilojirudia.

Nilipanga wiki iliyopita, nikahifadhi, nikafunga. Ctrl+Z haifanyi kitu. Nimekwisha?

Kichwa kinapatikana. Kwenye Excel: Ctrl+F, andika neno la kichwa, simama kwenye mstari wake, Shift+Space kuuchagua wote, Ctrl+X. Bofya kulia namba ya mstari wa 1, chagua Insert Cut Cells. Kirudishe kwa njia hiyo, usikiandike upya, maana utabaki na vichwa viwili. Fungua pia fomula zako uone zinasoma mistari ipi, kwa sababu kukata na kuingiza mistari kunaweza kuzisogeza mipaka.

Mpangilio wa awali ni suala jingine. Kwenye Google Sheets fungua Version history. Kwenye Excel, kama huna nakala ya zamani, hata ile ya Version history kwa faili lililoko OneDrive, wala safu ya namba 1, 2, 3 uliyoiandika kabla ya kupanga, umepotea.

Nimehifadhi jedwali langu kama CSV, nikalifungua tena, si jedwali tena.

CSV ni maandishi na mikato tu, haina mahali pa kuandika kwamba mstari huu ni kichwa. Ctrl+T upya, na tiki usiisahau.