Paa la zamani: unaangalia nini kabla hujanunua nyumba, hasa wakati wa kiangazi

"Wakuu naomba msaada. Nimepata nyumba Nkuhungu ya miaka ya 90, bei imekaa vizuri, paa ni lile lile la zamani ila limepakwa rangi upya. Dalali anasema halivuji. Sina utaalamu wa ujenzi, nikienda jumamosi niangalie nini juu?"

Mkuu, hiyo rangi mpya ndo imenifanya niandike, maana nyumba yangu ya kwanza hapa Dodoma niliinunua mwezi wa nane nikiambiwa maneno hayo hayo. Mwezi wa nane hapa hakuna paa linalovuja. Mvua inaanza Desemba hivi mpaka Aprili, kwahiyo anayenunua kiangazi lazima asome alama ambazo maji ya mwaka jana na juzi yameacha, kusubiri tone lidondoke haiwezekani.

Nyumba yenyewe ilikuwa Kikuyu, vyumba vitatu, na nyuma mwenye nyumba aliongeza jiko na stoo. Paa la hiyo nyongeza ni la mteremko mmoja, linaanzia kwenye ukuta wa nyumba kubwa linashuka kwenda uani, kenchi tano za mbili kwa nne, na vichwa vya juu vya hizo mbao vimezamishwa ndani ya ukuta. Mvua ya pili tu ya Desemba maji yakashuka ukutani nyuma ya kabati la vyombo, siling bodi ikavimba ikaanguka kipande. Nikamwita fundi wa kupaua, mzee mmoja mtulivu sana, akatumia asubuhi nzima kunionyesha vitu ambavyo vyote vilikuwepo mwezi wa nane na mimi nilipita chini yake.

Kwanza alinirudisha nyuma uani kama hatua ishirini, akaniambia mwanangu angalia mstari ambapo bati linakutana na ukuta, uulinganishe na mstari wa juu wa dirisha. Dirisha limenyooka, bati limezama katikati. Tukavuta uzi wa fundi toka kona hadi kona, urefu mita 5 hivi, katikati pakawa pameshuka sentimita 4. Hilo ndo la kwanza kwako jumamosi, kabla hujaingia hata ndani. Simama mbali, angalia kofia ya paa, ule mstari wa juu kabisa, kwa urefu wote, halafu angalia kila mahali ambapo paa linagusa ukuta. Bati likionyesha mawimbi madogo kati ya mbao na mbao mara nyingi ni papi, zile mbao bati linapigiliwa juu yake, zimewekwa mbali mbali au bati ni jembamba, hiyo sio ya kutisha. Ila mstari mrefu ukizama sehemu moja kama mgongo wa punda aliyebebeshwa mzigo, ujue chini yake kuna mbao imeachia, imekatika au imeoza, na inabidi uifuate mpaka uijue ni ipi.

Pili akapanda kwenye ngazi akanionyesha maungio ya bati na ukuta. Pale palikuwa na tabaka tatu. Chini kabisa saruji, juu yake lami, juu yake silikoni nyeupe ambayo bado mpya mpya. Akasema hizi ni mvua tatu mbaya, kila moja mtu alikuja akapaka akaondoka. Na alinieleza kwanini haishiki, hapa naomba uelewe maana ndo mzizi wa yote. Bati la chuma la mita 3 likitoka kwenye baridi ya usiku likapigwa na jua letu la saa saba linaweza kupanda nyuzi 40, na hapo linarefuka karibu milimita moja na nusu, usiku linarudi. Kila siku. Ukuta haurefuki hivyo. Saruji inapasuka mwaka wa kwanza tu, lami inakauka na jua inakuwa kama ganda la mkate, silikoni yenyewe ikipakwa juu ya vumbi haishiki ukuta kabisa, inabaki imeng'ang'ania bati peke yake. Chukua kucha au ncha ya bisibisi uijaribu kuinua taratibu, ikiachia kama gundi ya stika basi nyuma yake maji yalikuwa yanapita siku zote, hata kama ukitazama kwa macho mstari unaonekana umeziba vizuri. Na ule unene nao unasema kitu. Kwangu katikati silikoni ilikuwa nene kama kidole gumba, pembeni nyembamba, sababu bati lilikuwa linashuka na mtu anajaza ufa unaozidi kupanuka.

Tatu tukaingia darini. Ukienda omba kabisa tundu la dari lifunguliwe, kama halipo omba waondoe kipande kimoja cha siling, mwenye nyumba asiye na la kuficha atakubali na wewe ulipie kurudishia. Nenda kama saa tatu au nne asubuhi, jua liwe limepanda lakini dari halijawa tanuru. Kanyaga mbao tu, siling haibebi mtu. Halafu zima tochi ukae dakika tano macho yazoee giza. Kila tundu la bati litawaka kama nyota na huna haja ya mvua kulijua. Rangi ya juu haiwezi kukudanganya ukiwa chini yake, maana wanapaka upande mmoja.

Washa tochi sasa uangalie kutu. Unga mweupe mweupe ni zinki inaanza kuliwa, bado kuna maisha. Kahawia ya juu juu ukifuta na kitambaa bati chini bado gumu, hilo unaweza kusafisha na kupaka rangi ya kuzuia kutu. Kutu mbaya ni ile inayotoka kwa magamba, sukuma kwa bisibisi bila nguvu nyingi, likitoboka huna bati hapo una karatasi. Angalia hasa pale mabati yanapolaliana, huku kwetu vumbi linajaa katikati ya hayo mabati mawili, mvua ikinyesha linashika unyevu siku kadhaa wakati sehemu zingine zimeshakauka, na pembeni ya misumari iliyoinuka vichwa kwa upepo. Kwangu kutu ilikuwa mstari mmoja tu, kama shibiri moja toka ukutani, pale pale saruji na maji vilipokaa pamoja na bati. Bati lililobaki lote lilikuwa zima. Fundi akasema unaona, bati halijazeeka, limelowa.

Na mbao ni hivyo hivyo, hii ndo faida ya Dodoma. Hapa hewa ni kavu, mbao iliyopauliwa vizuri haiozi yenyewe hata miaka mingi, kuoza kunahitaji mbao ikae na unyevu. Kwahiyo ukikuta mbao imeoza hujapata tatizo la mbao, umepata mahali maji yanapoingia, inua macho utaona njia yake. Chukua bisibisi bapa, usichome katikati ya kenchi ambako kila mtu anaona, choma vichwa vyake, pale zinapolala juu ya ukuta au zinapoingia ukutani, na nyuma ya fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Mbao nzima inakusimamisha milimita mbili tatu. Iliyooza bisibisi inazama kama kwenye keki, na ukiichungulia imepasuka vipande vidogo vya mraba rangi ya kahawia iliyokolea. Kenchi zangu tano, ya kwanza na ya tano zilikuwa ngumu, ya pili laini kidogo juu, ya tatu na ya nne bisibisi iliingia mpaka mpini. Zilikuwa zimebaki zinaning'inia kwenye misumari ya papi, ndo maana mstari ulizama katikati, na kadri ulivyozama ndo ufa wa ukutani ulivyofunguka na maji kuzidi.

Mchwa nao usiwasahau. Wanapenda hiyo hiyo mbao yenye unyevu, wanapanda na vinjia vya udongo ukutani. Gonga mbao na mpini, ikilia wazi kama debe ndani hamna kitu. Tahadhari, ukikuta mbao zote zimepakwa oili chafu nyeusi usiridhike kwamba zimewekwa dawa, weusi unaficha madoa ya maji, hapo chomachoma zaidi.

Unaona mkuu, mambo manne uliyosikia yanatajwa kila siku, kuzama, kutu, mbao kuoza na kizibo cha ufa kuachia, kwangu lilikuwa jambo moja. Silikoni na lami viliachia kwanza, maji yakaingia, kutu na uozo vikafuata, paa likazama mwisho. Wewe utaliona kinyume, mzamo kwanza ukiwa chini. Kwahiyo usiandike orodha ya kasoro ukamkabidhi dalali, ukiona moja tafuta nyingine tatu karibu yake. Zikikutana sehemu moja ni tatizo la mahali, linatibika. Mzamo ukiwa hapa, kutu kule na mbao laini kila kona, hilo ni paa zima.

Kwangu lilitibika. Mzee alikata vichwa vyote vilivyooza mpaka kwenye mbao ngumu, akafunga ukutani ubao wa mbili kwa sita kwa bolti ili kenchi zikae juu yake badala ya kuzamishwa tena ndani ya ukuta, akabadilisha mabati manne. Kwenye maungio hakupaka kitu kwanza, alichana plasta mfereji wa kina kama sentimita 2, akachomeka kipande cha bati kilichokunjwa kinachoshuka kulalia paa kama sentimita 15, silikoni ikaenda kwenye mfereji tu. Bati la paa linarefuka na kurudi chini ya hicho kipande bila kuchana chochote. Mvua zimepita kadhaa sasa na pale ni pakavu.

Kwenye bei, kabla hujataja pesa hesabu vichwa vya kenchi vyote vinavyokaa ukutani na vingapi ni laini. Viwili vitatu upande mmoja, mlete fundi akupe gharama kwa maandishi na uipunguze kwenye bei. Zikiwa zaidi ya theluthi moja mimi ningehesabu kupaua upya nyumba nzima, mbao na bati, nikanunua kwa hesabu hiyo au nikaacha.

Ukibaki na wasiwasi wa sehemu moja omba kumwaga maji. Keni la kumwagilia bustani linatosha, usianzie juu, anza chini kabisa ya mteremko dakika kumi, mtu mwingine yuko darini na tochi, halafu panda kidogo kidogo. Ukianzia juu maji yanatembea chini ya bati yanadondokea mbali na utaziba pasipo na tundu.

Kitu kimoja cha kuuliza kabla hujapanda ngazi, kama paa sio bati la chuma bali ni yale mabati ya zamani ya saruji yenye asbesto, usilikanyage kabisa, linavunjika ghafla na vumbi lake ni hatari kwa mapafu, usilichome wala kulikata, angalia kwa chini tu. Ukimaliza jumamosi weka picha hapa ya kofia kwa mbali na ya vichwa vya kenchi, na hiyo rangi muulize mwenye nyumba mwenyewe, sio dalali, ilipakwa mwezi gani na kabla yake paa lilikuwa na nini.