Andika jumla kwanza, asilimia baadaye

Swali la wiki: "Nauza fanicha kwa awamu. Wateja wanatoa kianzio vizuri, wakifika katikati wanalalamika kwamba bei imepanda. Niwaeleze vipi waelewe na wasiogope?"

Ndugu yangu, mimi nauza sofa na vitanda pale Keko, Dar, na hilo lilinikuta. Kuna mama alichukua seti ya sofa, keshi ni 1,200,000, akatoa kianzio 400,000 ikabaki 800,000 ya kulipa miezi mitano, nikamwambia kwa mdomo tu "tunaongeza asilimia tatu". Mimi nilimaanisha asilimia 3 kila mwezi, yeye akaelewa mara moja tu yaani 24,000 basi. Kumbe kwa hesabu yangu ni 24,000 mara tano, 120,000. Rejesho la kwanza alitegemea kama 165,000 hivi, namdai 184,000, akaniangalia kama nimemuibia na kusema kweli alikuwa na haki maana sikumfafanulia.

Siku hizi asilimia siianzi kabisa. Nachukua karatasi tunakaa pembeni, sio mbele ya wateja wengine maana mtu akiona aibu anaitikia tu hata kama hajaelewa, naandika: keshi 1,200,000. Kwa awamu 1,320,000. Umeongeza 120,000 kwa kupewa muda. Halafu chini yake ndo naandika kianzio 400,000 na 184,000 mara tano. Usafiri naandika mstari wake peke yake, ukiufichaficha mpaka kirikuu ifike mlangoni kwake ujue ugomvi upo.

Afu namwomba yeye ndo anisomee, "mama hebu niambie mpaka unamaliza utakuwa umetoa shilingi ngapi yote?" Akitaja 184,000 au akitaja 920,000 akasahau kianzio, najua bado, tunarudia taratibu bila kumkimbiza.

Kitu kingine wanachoogopa kuuliza ni nikikwama je, na nikipata hela mapema je, kwa hiyo ninasema mimi kabla hawajauliza. Akitaka kumaliza baada ya marejesho matatu, kwenye daftari inabaki 368,000 lakini ile 48,000 ya miezi miwili ambayo haitumii namfutia, analipa 320,000 tumemalizana. Akichelewa nampa siku saba bila faini ila anipigie kabla ya tarehe. Na tarehe yenyewe anachagua yeye, mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi ukimwekea tarehe 20 umemtegea mwenyewe.

Pesa ya kianzio sipokei siku hiyohiyo kama naona anasitasita, nampa ile karatasi aende nayo nyumbani akaongee na mwenzake. Wengine hawarudi, sawa tu. Wanaorudi wanakuja wameikunja kwenye pochi, na hiyohiyo ndo tunaisaini wote wawili, yeye anabaki na yake mimi napiga kopi.