Picha za ushahidi kwenye uzinduzi wa seramu

“Dada, nazindua seramu ya uso Instagram kwa slaidi nne. Ya ushahidi niweke picha gani?”

Mdogo wangu, weka uso mmoja, picha mbili: siku ya kwanza na wiki ya nne, maana ngozi hujibadilisha kwa takriban siku 28. Zipige kwenye dirisha lile lile, saa ile ile, bila filta. Ukuta wa nyuma ukiwa mweupe zaidi kwenye picha ya pili, mteja atajua kilichong'arisha ni mwanga. Ruhusa ya mwenye uso iwe ya maandishi.

Slaidi ya kionjo iwe tone tu kidoleni. Ya faida, taja ile inayoonekana pichani. Ya mwisho andika bei na ujazo. “Bei njoo inboksi” inachosha wanunuzi.