Barua kwa mteja aliyeahidiwa nafasi ya kwanza Google ndani ya siku 30

Mteja wangu anauza samani za ofisi. Tovuti yake ilikuwa mpya kabisa, nami nilikuwa namfanyia kazi ya SEO, yaani kuisaidia ionekane kwenye utafutaji wa Google. Mwezi wa pili wa kazi ulipoisha akaniandikia kwamba kuna mtu amemwahidi nafasi ya kwanza Google ndani ya siku 30, sasa mimi nasubiri nini?

Hali kama hii ikikukuta, usipige simu. Simu huishia kwenye kubishana. Andika barua, na ndani yake weka namba zake mwenyewe. Yangu ilikuwa hivi:

Kaka, salamu.

Umelipa, umesubiri, na wateja hawajaongezeka. Hilo ni kweli na sina sababu ya kulizunguka. Nimefungua Search Console, zana ya Google inayoonyesha tovuti inavyotokea kwenye utafutaji, tuangalie pamoja.

Siku 28 za kwanza tovuti yako ilitokea kwenye matokeo ya utafutaji mara 90. Siku 28 zilizofuata ilitokea mara 640, ila waliobofya ni 11 tu. Ukurasa wa viti, ambao ndio unaoutegemea, uko wastani wa nafasi ya 48. Matokeo yakihesabiwa kumi kumi, huo ni ukurasa wa tano, na huko ni wachache mno wanaofika. Tukiupandisha hadi nafasi ya 22 tutakuwa tumefanya kazi kubwa, na bado simu yako haitalia. Wabofyaji huanza kuonekana ukikaribia kumi za mwanzo. Kwa hiyo kwa sasa nakuomba utazame mara unazotokea, maana hizo ndizo hutangulia. Wala usishtuke wastani wa nafasi ukishuka kidogo: tovuti ikianza kutokea kwa maneno mapya, huanzia mbali, na wastani wote huvutwa chini.

Muda? Mwaka 2017 Maile Ohye, akiwa mfanyakazi wa Google, alisema mara nyingi huchukua miezi minne hadi mwaka mmoja kuanza kuona faida ya kazi hii. Google pia wanaonya kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Huyo aliyekuahidi, muulize ni kwa maneno gani. Kama ni jina la biashara yako, hilo si kazi, hakuna mwingine anayeligombania. Kama atanunua linki kutoka tovuti nyingine, huko ni kuvunja kanuni za Google, na ukiadhibiwa utalazimika kusafisha kwanza ndipo uombe kuangaliwa upya. Yeye atakuwa ameshalipwa.

Mwezi huu nitashughulikia jambo moja. Kati ya kurasa zako 30, kurasa 14 zina alama ya "Crawled - currently not indexed": Google imezisoma ikaziacha nje. Nadhani sababu ni kwamba maelezo ya bidhaa yamenakiliwa neno kwa neno kutoka kwa mtengenezaji, na wauzaji wengine wameweka hayo hayo. Nitayaandika upya. Kwako nahitaji vipimo halisi vya kila kiti, uzito kinaobeba, na picha ulizopiga mwenyewe.

Mwisho wa mwezi wa nne wa kazi yetu tutakaa tuamue. Kama kurasa hizo bado ziko nje na mara unazotokea hazijaongezeka, tusimamishe kazi na usinilipe mwezi wa tano. Nafasi siwezi kukuahidi. Kazi na tarehe hiyo ninakuahidi.

Ukihitaji mauzo mwezi huu huu, njia ni matangazo ya kulipia. Utatokea mapema, na siku pesa ikiisha unatoweka. Niko tayari kupunguza malipo yangu ili sehemu iende huko.

Mwisho wa barua.

Sentensi iliyobadilisha mazungumzo ilikuwa ile ya tarehe ya kuamua. Wengi wetu huogopa kuiandika, tukidhani tunamfungulia mteja mlango wa kuondoka, ilhali asiyejua atahukumu lini huhukumu kila asubuhi. Alijibu akiuliza matangazo ya viti pekee yatagharimu kiasi gani, akaambatanisha vipimo. Picha zilichelewa, kama kawaida.

Tahadhari moja. Barua hii inafaa pale tu ambapo mara za kutokea zinapanda. Zikiwa sifuri, usimwambie mtu asubiri. Fungua kwanza msimbo chanzo wa ukurasa utafute mstari huu, ambao watengenezaji wa tovuti huuweka wakati wa ujenzi na pengine wakasahau kuuondoa:

```
<meta name="robots" content="noindex">
```

Ukiukuta, mteja alikuwa na haki ya kulalamika. Google imeambiwa isiuweke ukurasa huo kwenye matokeo, na hata ungengoja mwaka mzima usingetokea.