Mada nne za kuposti: zichimbe kwenye meseji za wateja wako, usinunue kalenda

*"Nashona magauni ya kitenge hapa Morogoro, niko peke yangu, sina msaidizi. Niliambiwa nichague mada nne nitakazokuwa nazirudia ili nisiishiwe cha kuposti: elimu, burudani, motisha na mauzo. Wiki ya tatu tu nimekwama. Kuna mtu anauza kalenda ya posti 365 za mwaka mzima. Ninunue?"*

Usinunue, dada yangu. Na hizo nne ulizopewa zifute leo, kwa sababu ndizo zilizokukwamisha.

Elimu, burudani, motisha na mauzo ni namna za kusema. Hakuna hata moja inayokwambia useme kuhusu nini. Ikifika Jumanne ya elimu, bado unakaa na simu mkononi ukijiuliza: elimu ya nini? Orodha hii inagawiwa kila kona kwa muuza mkaa, kwa mwalimu wa tuisheni na kwa fundi cherehani, na wote wakikwama wanaambiwa hawana ubunifu. Nalikuta kosa hili karibu kwa kila anayeniandikia, na linaniudhi kwa sababu linamfanya mtu anayeijua kazi yake vizuri ajione hana la kusema.

Mada ya kweli ina chanzo ndani ya kazi yako, kitu kinachokujia kila wiki utake usitake. Kwa fundi, chanzo kikubwa ni maswali ya wateja. Fungua WhatsApp, rudi nyuma miezi miwili, na kila swali la mteja lihamishie kwenye daftari kwa maneno yake mwenyewe. Kama ameandika "dada hiki kitenge kitatosha kweli?", andika hivyo hivyo. Usilisafishe liwe "umuhimu wa kuchagua kitambaa", maana hapo hapo linakufa. Ukimaliza, yapange maswali kwa mafungu.

Kwa kazi yako mafungu yatakuja karibu hivi. La kwanza ni kitambaa: kiasi gani kinahitajika, kinachuja, kinarudi kikifuliwa. La pili ni mwili na vipimo: mshono upi unakaa vizuri kwenye tumbo, mteja aliye mbali ajipimeje. La tatu ni ndani ya nguo, yaani bitana, ovaloki, zipu, mahali ulipoacha nafasi ya kuongeza baadaye; fungu hili ndilo linaloeleza bei yako bila kubishana na mtu. La nne ni oda na tarehe: alete kitambaa lini kabla ya harusi au Sikukuu ya Idi, advansi inalipwaje, sare za watu 12 zinachukua muda gani. Mafungu yako yakitofautiana na haya, fuata yako.

Kabla ya kukubali fungu lolote kuwa mada, lijaribu. Chukua dakika 20, weka simu mbali, andika vichwa kumi vya posti chini yake. Ukifika vinne ukaishiwa, hiyo ilikuwa posti, siyo mada. Iingize kwenye fungu jingine.

Nikuonyeshe jinsi swali moja linavyozaa, kwa lile la kitenge kutosha. Kitenge cha yadi 6 kina urefu wa kama mita 5.5, na upana wa kawaida ni karibu sentimita 116. Mteja anataka sketi ya duara kamili, kiuno sentimita 76, urefu 70. Kiuno ukikigawa kwa 6.28 unapata 12. Ongeza 70, unapata 82, kutoka katikati ya duara hadi ukingoni. Duara zima lina upana wa sentimita 164, halienei kwenye kitambaa, kwa hiyo unakata nusu duara mbili, na kila moja inakula sentimita 164 za urefu. Jumla ni kama mita 3.3, bado pindo. Zinabaki mita 2 na kidogo za juu na mikono. Mteja huyo huyo akitaka sketi ifike chini, urefu sentimita 100, sketi peke yake inakula kama mita 4.5, na mikono mipana inakuwa ndoto.

Hesabu hiyo moja ni posti ya kwanza. Ya pili: kwa nini gauni refu la duara linahitaji kitambaa cha ziada. Ya tatu: kitenge chenye maua makubwa, ambayo lazima yakutane kwenye mshono, kinavyokula zaidi ya chenye nukta ndogo. Ya nne: chenye ndege wanaotazama upande mmoja, usichoweza kukigeuza wakati wa kukata. Ya tano: mishono inayotosha kwa yadi 3. Hatujagusa kuchuja wala kufua, na tumo kwenye swali moja la mada moja.

Vichwa kumi kwa kila mada ni posti 40. Ukiposti mara tatu kwa wiki, hizo ni wiki 13. Zikiisha unaanza upya na nguo nyingine na picha nyingine, kwa sababu wateja wapya wanauliza maswali yale yale. Mada usizifunge kwenye siku za wiki. Wiki ya sare za harusi meza imejaa, posti za ndani ya nguo zinapatikana kwa kupiga picha tu. Wiki tulivu andika za vipimo. Angalia tu zote nne zipite kabla hujarudia ya kwanza. Mada ikipita mwezi mzima bila kukuletea hata swali moja inboksi, ibadilishe hiyo peke yake, tatu uziache.

Sasa hao wauza kalenda, maana hawakusumbui wewe peke yako. Omba wakuonyeshe posti tatu kabla hujalipa. Katika kila moja ondoa jina la fundi, weka la muuza chipsi. Ikisomeka bado, unauziwa salamu za Jumatatu na siku za kimataifa ambazo mteja wako hazijui.

Kibaya zaidi ni vifurushi vinavyokuja na picha za mishono zilizookotwa mitandaoni. Ukiposti gauni ambalo hukulishona, mteja anakuletea picha hiyo hiyo na kitambaa chake, na anategemea litoke hivyo hivyo. Hujui ndani kuna nini, hujui kitambaa kilikuwa kizito kiasi gani, na yule aliyelivaa ana mwili mwingine. Likitoka tofauti, ugomvi ni wako na kitambaa utalipa wewe. Nimewaona mafundi wazuri wakipoteza wateja wa miaka kwa picha moja ya kuazima. Siku ambayo huna gauni lililokamilika, piga picha kitenge kikiwa kimetandazwa na mstari wa chaki umeshachorwa, uandike chini yake mita ulizotumia na zilizobaki.